Punje za Manukato ya Nguo: Zinavyong'ang'ania Kitambaa na Nani Huzidhuriwa

Punje za manukato ya kufulia ni vijidonge vidogo vya rangi, ukubwa wa punje ya dengu, vinavyomiminwa ndani ya mashine ya kufulia pamoja na nguo. Hazisafishi, kwani hazina sabuni. Kwa kawaida hazilainishi nguo pia, tofauti na kilainishi cha maji kinachotiwa wakati wa kusuza. Kazi yake ni moja tu, kuacha harufu kwenye kitambaa, na kuiacha kwa muda mrefu kuliko sabuni yoyote inavyoweza. Bidhaa hizi zilienea kuanzia mwaka 2011, kampuni ya Procter & Gamble ilipoingiza sokoni nchini Marekani punje zake za chapa ya Downy. Kampuni nyingine zikafuata, na leo punje za aina hii zinapatikana katika maduka makubwa ya nchi nyingi.

Sehemu kubwa ya punje si manukato. Ni kitu kama nta kiitwacho polietilini glikoli, ambacho ni kigumu katika joto la kawaida la chumba lakini huyeyuka ndani ya maji. Kitu hiki ni chombo cha kubebea tu. Punje ikilowa hulegea na kuyeyuka kidogo kidogo, inaachia manukato yaliyomo, kisha nta yenyewe inaondoka na maji machafu. Ndiyo maana maelekezo husema punje zimiminwe moja kwa moja kwenye pipa la mashine kabla ya nguo, si kwenye kidroo cha sabuni. Kidrooni maji hupita haraka, na punje ambazo hazijamalizika kuyeyuka hubaki zimegandamana.

Ugumu wa kutia nguo harufu unatokana na tabia ya manukato yenyewe. Manukato ni mafuta. Sabuni imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye kitambaa na kuyapeleka majini, nayo haitofautishi mafuta ya jasho na mafuta ya waridi. Kwa sababu hiyo, manukato mengi yaliyomo kwenye sabuni ya kawaida huishia kwenye mfereji. Yale machache yanayobaki huruka hewani nguo inapokauka, hasa harufu nyepesi za ndimu na chungwa. Zinazostahimili zaidi ni harufu nzito, kama miski za maabara, ambazo haziruki upesi na hazipendi maji, hivyo hujishikiza kwenye nyuzi. Nyuzi za poliesta, ambazo nazo zina asili ya mafuta, huzishika kwa nguvu zaidi kuliko pamba. Shati la michezo la poliesta laweza kunukia hata baada ya kufuliwa mara kadhaa bila punje.

Watengenezaji walipata njia ya pili ya kushinda sabuni, yaani kufungia manukato ndani ya vifuko visivyoonekana kwa macho. Kila kifuko ni tone la mafuta ya manukato lililozungukwa na ganda jembamba la plastiki, na upana wake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Ganda humkinga mafuta yasichukuliwe na sabuni. Lakini pamba ikiwa majini huwa na chaji hasi ya umeme, na maganda mengi nayo huwa na chaji hasi, hivyo vingesukumana. Kwa hiyo maganda hupakwa dutu yenye chaji chanya, ambayo huvutwa na uzi. Vifuko vingine hunaswa tu katikati ya nyuzi, maji yanapochujwa kupitia kitambaa wakati mashine inakamua.

Nguo ikishakauka, vifuko hukaa kimya. Havitoi harufu kubwa mpaka kitu kivivunje, na kinachovivunja ni msuguano, kama vile kukunja shuka, kuvaa shati, kujifuta kwa taulo au kugeuka kitandani usiku. Kila mara baadhi hupasuka na harufu mpya hutoka. Ndiyo sababu nguo iliyokaa kabatini kwa wiki kadhaa hunukia ghafla inapovaliwa, na ndiyo sababu tangazo linaweza kuahidi harufu ya majuma mengi. Maana yake kwa afya ni kwamba manukato hayatoki yote siku ya kufua. Hutoka kidogo kidogo mahali palepale kitambaa kinapoisugua ngozi, na karibu na pua ya mvaaji.

Kuna jambo jingine linaloongeza kiasi. Pua huzoea harufu inayokaa nayo kila siku, na baada ya siku chache mwenye nguo huacha kuisikia. Akidhani imeisha, huongeza punje. Jirani yake kwenye basi au ofisini, ambaye pua yake haijazoea, huisikia yote.

Watu wengi huvaa nguo hizi bila tatizo. Wanaodhurika ni wa makundi kadhaa, na kila kundi hudhurika kwa njia yake.

Kundi la kwanza ni wenye mzio wa ngozi unaotokana na manukato. Tafiti za Ulaya huonyesha kuwa asilimia 1 hadi 4 ya watu wazima wana mzio wa aina hii. Hauanzi siku ya kwanza. Mwili hujifunza kuitambua dutu fulani baada ya kuguswa nayo mara nyingi, pengine kwa miaka, na baada ya hapo kila mguso huleta upele. Upele nao hauji papo hapo, bali huchukua siku 1 hadi 3, hivyo mgonjwa hushindwa kuuhusisha na shati alilovaa juzi. Baadhi ya dutu huwa kali zaidi zinapozeeka. Limonini, inayopatikana kwenye maganda ya machungwa, na linaluli ya mrujuani zikiwa mbichi ni dhaifu kama visababishi vya mzio. Zikikaa hewani hubadilika kuwa aina inayoamsha mzio kwa urahisi zaidi.

Kundi la pili ni wenye ukurutu wa asili, hasa watoto. Ngozi yao ina nyufa ndogo zinazopitisha vitu kwa urahisi, nayo huwashwa hata na dutu ambayo hawana mzio nayo.

Kundi la tatu ni wenye pumu na wenye kipandauso. Hapa tatizo ni hewa, si ngozi. Harufu kali huweza kubana njia za hewa zilizokwisha kuwa nyepesi kukasirika, au kuanzisha maumivu ya kichwa. Huu kwa kawaida si mzio, na kipimo cha mzio hakiwezi kuuonyesha. Katika uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, takribani theluthi moja ya waliohojiwa walisema bidhaa zenye manukato kwa ujumla huwaletea usumbufu wa kiafya, hasa wa kupumua na wa kichwa. Hayo ni maelezo ya watu wenyewe, si vipimo vya hospitali, lakini yanaonyesha kuwa malalamiko haya si ya watu wachache.

Sabuni ya kufulia yenyewe si mara nyingi chanzo cha mzio wa ngozi, kwa kuwa nguo zikisuzwa vizuri kinachobaki ni kidogo sana. Punje ni habari nyingine, kwa kuwa zimeundwa zisiondoke. Tofauti hii ndiyo inayowapoteza wagonjwa wengi, kama mfano ufuatao unavyoonyesha.

Mwanamke ana upele unaowasha shingoni, kiunoni chini ya mkanda wa suruali, na kwenye kingo za makwapa. Katikati ya kwapa, mahali panapopakwa kiondoa harufu, ngozi ni safi. Mpangilio huu ni dalili yenye maana. Upele wa kiondoa harufu hukaa ndani ya kwapa, ilhali upele wa nguo hukaa pale kitambaa kinapobana na kusugua. Mwanamke anashuku sabuni, anabadili na kununua isiyo na manukato, anangoja wiki 3, upele haupungui. Anaamua kuwa nguo hazihusiki. Lakini punje bado anazitia, kwa sababu hakuzihesabu kuwa ni sabuni. Hata angeziacha siku ileile, mashuka, taulo na mashati ya mumewe yangekuwa bado yamebeba vifuko vya miezi iliyopita.

Daktari wa ngozi anambandikia mgongoni viraka vyenye dutu mbalimbali, zikiwemo michanganyiko maalumu ya manukato. Viraka hukaa saa 48, kisha ngozi husomwa, na kusomwa tena siku mbili hivi baadaye kwa kuwa baadhi ya majibu huchelewa. Doa jekundu lililovimba chini ya mchanganyiko wa manukato linathibitisha mzio. Haliithibitishi punje moja kwa moja, kwa hiyo hatua inayofuata hufanyika nyumbani.

Punje zinaachwa kabisa. Kila kinachogusa ngozi, kuanzia matandiko na nguo za ndani, kinafuliwa mara kadhaa kwa sabuni isiyo na manukato, kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia, na kusuzwa mara mbili. Mashine nayo inazungushwa tupu kwa maji ya moto, kwani mpira wa mlango na kidroo hubaki na mabaki. Nguo za poliesta ambazo bado zinanukia zinawekwa kando. Upele ukipungua ndani ya wiki 4 hadi 6, kisha ukarudi mahali palepale baada ya kuvaa shati moja lililofuliwa kwa punje, chanzo kimejulikana. Jaribio la kurudia hivi ni la ngozi tu. Mwenye pumu hapaswi kulifanya.

Anayenunua sabuni mpya anahitaji kusoma lebo kwa makini. Bidhaa iliyoandikwa kuwa haina harufu yaweza kuwa na manukato yaliyotiwa ili kuficha harufu ya malighafi. Inayofaa ni ile isiyo na manukato yaliyoongezwa. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya sabuni ya mwaka 2004 ililazimisha dutu 26 za manukato zinazojulikana kuleta mzio zitajwe zinapozidi asilimia 0.01 ya bidhaa. Penye sheria isiyodai hivyo, neno moja la manukato laweza kufunika dutu nyingi.

Kwa anayefua kwa mikono, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, punje hazifai. Kiasi kilichopimwa kwa mashine huwa kikubwa mno kwa beseni, huyeyuka polepole kwenye maji baridi na kuacha madoa ya nta, na mikono hukaa ndani ya manukato hayo muda wote wa kufua.

Maganda ya vifuko nayo yameanza kuwekewa mipaka. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu chembe ndogo za plastiki imewapa watengenezaji hadi tarehe 17 Oktoba 2029 kuacha maganda ya plastiki isiyooza katika manukato. Maganda yanayooza yatapunguza taka kwenye maji. Manukato yaliyomo ndani yatabaki yaleyale, na mwenye mzio nayo ataendelea kuhitaji nguo zisizotiwa punje.