Deni la Taifa na Asilimia 90: Hesabu Ilipojaribiwa Upya

Mwaka 2010, wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walieleza kuwa nchi tajiri zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa asilimia 0.1 chini ya sifuri. Mwaka 2013, Thomas Herndon, Michael Ash na Robert Pollin waliipima upya hesabu hiyo.

Hawakugusa nchi 20 zilizochunguzwa, kipindi cha 1946 hadi 2009, wala mpaka wa asilimia 90. Walibadilisha mambo matatu: walirudisha nchi zilizoachwa kimakosa kwenye jedwali la kompyuta, wakaingiza miaka iliyorukwa, kisha wakaupa kila mwaka uzito sawa. Awali, mwaka mmoja mbaya wa Nyuzilandi, 1951, ulihesabiwa sawa na miaka 19 ya Uingereza.

Wastani ukapanda hadi asilimia 2.2. Hata hivyo, kundi la deni la asilimia 60 hadi 90 lilikuwa na 3.2. Kwa hiyo deni kubwa bado liliambatana na ukuaji mdogo, ila anguko la ghafla halikuonekana tena. Wala kipimo hiki hakikuonyesha kipi kilisababisha kingine.