Mgonjwa asiye na jina, ila kila mtu anamjua

“Mgonjwa ni Bi. H.M., mwanamke wa miaka 54, muuza samaki wa soko la ufukweni, mjane, mama wa watoto saba, aliyelazwa wodi namba 3 tarehe 14 Machi kwa kidonda cha mguu wa kushoto.”

Hivyo ndivyo ripoti nyingi za wanafunzi wa uuguzi zinavyoanza. Mwandishi ameamini kwamba siri ya mgonjwa imehifadhiwa kwa sababu jina halipo. Bi. H.M. mwenyewe nimembuni kwa ajili ya makala haya, lakini sentensi yake ni ya kawaida mno. Mpe mchuuzi yeyote wa soko hilo aisome. Hatafika mwisho kabla hajataja jina kamili, mtaa anaokaa, na pengine bei aliyouziwa changu mara ya mwisho.

Ripoti ya mgonjwa mmoja ni zoezi la kawaida katika vyuo vya uuguzi. Mwanafunzi huchagua mgonjwa aliyemhudumia wodini, akamfuatilia tangu alipopokelewa hadi alipoondoka, kisha akaandika alichokiona, alichofanya na kilichotokea. Mkufunzi husahihisha, na baadhi ya ripoti huwasilishwa mbele ya darasa zima. Chache huenda mbali zaidi zikachapishwa katika majarida ya taaluma. Yanayoharibu ripoti hizi kwa kawaida yanahusu namna mgonjwa alivyoombwa, alivyofichwa na alivyopangwa kwenye karatasi. Ujuzi wa kutibu kidonda mara nyingi upo.

Tuanze na ridhaa. Mgonjwa anapopokelewa hospitalini hukubali kutibiwa, na wakati mwingine huweka sahihi kwenye fomu. Ukubali huo ni wa matibabu. Kuandikwa na kusomwa na watu wasiomhudumia ni jambo lingine, nalo huombwa peke yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inafanya vivyo hivyo. Mwanafunzi huanza kwa mkufunzi na kwa muuguzi mkuu wa wodi, halafu ndipo anakwenda kitandani.

Kule kitandani kuna mtego. Mwanafunzi aliyevaa sare, mwenye sindano ya insulini mkononi, akiuliza “Mama, naweza kuandika habari zako?” atajibiwa ndiyo. Nani atamkatalia mtu anayemsafishia kidonda kila asubuhi? Kwa hiyo saa ya kuomba isiwe saa ya huduma, na maelezo yawe ya wazi: Naomba kuandika kuhusu ugonjwa wako kwa ajili ya masomo yangu. Watakaosoma ni mkufunzi wangu na wenzangu darasani. Jina lako halitakuwemo. Ukikataa, dawa ni zilezile na mimi ni yuleyule. Ukikubali leo ukabadili nia kesho, niambie, nitaacha. Kisha mwache alale nalo, azungumze na binti yake akija na uji. Asiyejua kusoma husomewa fomu mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa wodi, naye huweka dole gumba. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayeridhia, lakini mtoto aliye na umri wa kuelewa naye huulizwa.

Kuna kosa moja la kuchekesha kama lisingekuwa zito. Mwanafunzi anaficha jina katika kurasa zote kumi na tano, halafu anabana fomu ya ridhaa, yenye jina na sahihi ya mgonjwa, mwishoni mwa ripoti ileile. Fomu hukaa mahali pake, kwenye kabati la chuo au ndani ya faili la hospitali. Ndani ya ripoti inatosha sentensi moja: mgonjwa ametoa ridhaa ya maandishi.

Sasa turudi kwa Bi. H.M. Herufi hizo mbili ni za jina lake halisi, kwa hiyo zinaondoka. Tarehe ya kulazwa inaondoka pia, na namba ya wodi. Lakini kinachomfichua zaidi ni mkusanyiko wa mambo madogo ambayo kila moja peke yake halina neno. Wajane wapo wengi, wauza samaki wapo wengi, wenye watoto saba wapo. Mjane muuza samaki mwenye watoto saba aliyelazwa Machi kwa kidonda cha mguu, katika mji mmoja, ni mmoja tu. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, mtafiti Latanya Sweeney alichukua takwimu za matibabu zilizotolewa bila majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, na akaitambua rekodi ya gavana wa Massachusetts. Baadaye, mwaka 2000, alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo wanakoishi. Katika miji yetu, ambako watu wanajuana kwa sura na kwa ukoo, hata daftari la wapiga kura halihitajiki.

Dawa ya hili si kudanganya. Nimeona ripoti ambapo muuza samaki aligeuzwa mwalimu ili afichike. Hapo ugonjwa wenyewe ukapotea, kwa maana kidonda kile kilikuwa na uhusiano wa moja kwa moja na kusimama kutwa nzima sokoni. Njia sahihi ni kupunguza undani bila kubadili ukweli, na kila jambo kuliuliza: je, msomaji akikosa hili, ataelewa ugonjwa na huduma vibaya? Ujane na idadi ya watoto havihusiki, vinafutwa. Kazi inahusika, kwa hiyo inaandikwa kwa upana: “kazi inayomtaka asimame saa nyingi akiwa amevaa ndara kwenye sakafu yenye maji.” Umri unakuwa “mwanzoni mwa miaka ya hamsini”. Tarehe za kalenda zinageuka kuwa siku za ugonjwa: siku ya kulazwa ni siku ya 1, yaliyotangulia yanahesabiwa kurudi nyuma na yaliyofuata kwenda mbele. Msomaji anapata mwendo wote wa ugonjwa bila kupata Machi.

Picha ni hatari kuliko maneno. Wanafunzi wamezoea kudhani kwamba uso usipoonekana mambo ni salama, au kwamba mstari mweusi juu ya macho unatosha. Hautoshi, na majarida ya tiba yameacha kuukubali. Mguu nao una utambulisho wake: hina ya harusi ya mwanawe, kikuku, kovu la zamani, au upindo wa khanga iliyotandikwa chini wenye maneno yanayosomeka. Picha inahitaji ridhaa yake yenyewe. Hata ikitolewa, picha iliyopigwa kwa simu ya mwanafunzi inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigiwa, na huwa na tabia ya kuhamia kwenye kundi la WhatsApp la darasa kabla haijafika kwenye ripoti.

Muundo wa ripoti una desturi zake. Mwaka 2013 ilitolewa miongozo inayoitwa CARE, yenye vipengele 13, inayotumiwa na majarida mengi: kuanzia kichwa na muhtasari, kupitia historia, uchunguzi, mpangilio wa matukio kwa wakati, matibabu na matokeo, hadi mjadala, maoni ya mgonjwa mwenyewe na ridhaa. Vyuo vya uuguzi huuchanganya mpangilio huo na hatua tano za kazi ya muuguzi: kukusanya taarifa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza na kutathmini.

Katika hatua ya pili ndipo wanafunzi wengi wanakwama, kwa sababu wananakili faili la daktari. Daktari ameandika kisukari na kidonda kilichoingia vijidudu. Hiyo ni kazi yake, nayo inatajwa. Muuguzi anatambua kitu kingine, yaani namna ugonjwa ulivyomwathiri mtu huyu na kile ambacho uuguzi unaweza kukishughulikia. Utambuzi wake una sehemu tatu: tatizo, chanzo na ushahidi. Kwa mgonjwa wetu ungesomeka hivi: kuharibika kwa ngozi na nyama ya unyayo, kunakohusiana na kupotea kwa hisia miguuni na shinikizo la kusimama, kama inavyodhihirishwa na kidonda cha sentimita 4 kwa 3 chini ya kidole gumba, na kushindwa kuhisi uzi wa kupimia unaopinda kwa shinikizo la gramu 10. Ukiondoa ushahidi, inabaki dhana. Ukiondoa chanzo, mpango wa huduma unakosa pa kuanzia, kwani ni chanzo kinachokuambia kwamba kubadilisha bandeji peke yake hakutasaidia ikiwa mguu utaendelea kukanyagiwa.

Malengo nayo yawe ya kupimika. “Mgonjwa apate nafuu” haliwezi kutathminiwa. “Kidonda kipungue eneo, na sukari ikae kati ya 7.8 na 10 kabla ya kuruhusiwa” linaweza. Tuseme siku ya 1 sukari ilikuwa 18.4 na joto 38.6. Daktari aliagiza insulini na dawa ya vijidudu kwa mshipa, na siku ya 2 akaondoa nyama iliyokufa. Wauguzi walisafisha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali kila siku na kumzuia asikanyagie. Siku ya 4 homa iliondoka. Siku ya 12 aliruhusiwa, sukari ikiwa 9.6, kidonda kikiwa sentimita 3.2 kwa 2.5. Ukizidisha, eneo limetoka sentimita za mraba 12 hadi 8, yaani limepungua kwa theluthi moja.

Mkufunzi mkali ataangalia mwanafunzi anasema nini hapo. Ikiwa siku ya 5 wodi ilianza kuweka asali kidondoni, kishawishi ni kuandika kwamba asali imeponya. Lakini katika siku hizohizo kulikuwa na insulini, dawa, kisu cha daktari na mapumziko. Mgonjwa mmoja hawezi kutenganisha hayo. Mjadala unaruhusiwa kusema nafuu ilionekana wakati wa huduma hizi, na kwamba kidonda cha mguu wa kisukari kisipopungua nusu ndani ya wiki 4 hutakiwa kutazamwa upya, kwa hiyo siku ya 12 bado ni mapema kutoa hukumu.

Kipengele cha maoni ya mgonjwa hurukwa mara kwa mara, ilhali ndicho kinachosahihisha faili. Faili la Bi. H.M. lilisema “hakuhudhuria kliniki, hafuati maelekezo.” Alipoulizwa kidonda kilianzaje, alieleza kwamba aliona doa la damu kwenye mkeka, akageuza unyayo, akakuta kokoto ndani ya ndara iliyokuwa imemchimba kwa siku kadhaa bila yeye kuhisi. Kliniki yake iliangukia siku ya mnada. Lawama ya kutofuata maelekezo sasa ina sababu mbili zinazoweza kufanyiwa kazi: kukagua ndara kila asubuhi, na kuomba siku nyingine ya kliniki.

Baada ya hapo ripoti hupelekwa dukani kuchapwa. Mwanafunzi anachomeka flashi, faili linanakiliwa kwenye kompyuta ya duka, kurasa zinatoka, analipa na kuondoka. Faili linabaki palepale, mara nyingi likiwa na jina kama “Mama Halima kidonda mwisho”. Basi jina la faili nalo libadilishwe kabla ya kutoka chuoni. Nakala iliyobaki dukani ifutwe, na pipa la taka la kompyuta limwagwe, huku mwenye duka akitazama.