Salio la kila mstari: kupanga miamala ya benki bila kupoteza hata senti

Nyarugusu ninayoizungumzia ni ile ya Geita, yenye maduara na makarasha, si kambi ya wakimbizi ya Kasulu. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, mchimbaji mdogo anayeuza dhahabu yake kwa utaratibu rasmi amekuwa na kitu ambacho baba yake hakukijua: karatasi za benki. Akitaka mkopo wa karasha la pili, anaombwa taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa. Mamlaka ya Mapato nayo ina maswali yake. Basi analeta bahasha, ndani yake kurasa zilizopigwa muhuri, nyingine zimekunjwa, nyingine ni picha za simu zenye kivuli cha kidole, na anataka kujua jambo moja tu: kilichoingia ni kipi na kilichotoka kimekwenda wapi.

Kuyapanga maingizo katika makundi kunaonekana ndiyo kazi yenyewe. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya pili. Nusu ya kwanza ni kuhakikisha kwamba tarakimu zilizotoka kwenye picha ni zile zile zilizochapwa na benki, maana hesabu iliyopangwa vizuri juu ya tarakimu mbovu ni mbovu zaidi: inaaminika.

Kwanza, uliza kama benki inaweza kutoa taarifa hiyo kwa PDF halisi, ile ambayo maandishi yake unaweza kuyachagua na kuyanakili. Ikiwezekana, usiskani kabisa. Ikishindikana, skani kwa nukta 300 kwa inchi, karatasi ikiwa imelala bapa, kisha programu ya kusoma maandishi ya picha ifanye kazi yake. Itakosea. Itasoma 1 kama 7, 8 kama 3, 0 kama 6, na penye mkunjo itaruka mstari mzima bila kukuambia.

Bahati nzuri, taarifa ya benki imebeba ukaguzi wake ndani yake. Karibu kila mstari una safu ya salio, na salio hilo lazima litokane na salio la mstari wa juu, kuongeza kilichoingia au kutoa kilichotoka. Ukiwa na jedwali ambalo safu D ni kilichotoka, E ni kilichoingia na F ni salio lililochapwa, weka hii mbele ya mstari wa tatu na uiburute hadi mwisho:

```
=ROUND(F2-D3+E3-F3,2)
```

Jibu lazima liwe sifuri kila mstari. Hiyo ROUND ina sababu yake: kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na senti kumi haiwezi kuandikwa humo kwa ukamilifu, kwa hiyo bila kuikata kwenye senti utaona mabaki madogo mno yanayojifanya kosa. Wanaoandika programu zao wenyewe hukwepa tatizo hilo kwa kuhifadhi kila kiasi kwa senti nzima, bila nukta.

Tuchukue mfano, niliouunda lakini wenye sura ya yale yanayokuja kwenye bahasha. Mama mmoja ana duara na karasha dogo. Mwezi wake unaanza na salio la 2,418,350.00. Mauzo ya dhahabu yanaingia, 4,839,208.50. Anahamishia simu yake 1,500,000.00, na benki inakata ada ya 7,080.00, yaani 6,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Hapo salio ni 5,750,478.50. Kisha analipia dizeli kwa 871,200.00, na benki imechapa salio la 4,879,278.50.

Programu imesoma dizeli kama 877,200.00. Ukikokotoa unapata salio la 4,873,278.50, na mstari huo unaonyesha tofauti ya 6,000. Usikimbilie kurekebisha, isome kwanza hiyo tofauti. Sita inayofuatwa na sifuri tupu mara nyingi ni 1 iliyosomwa 7, au 0 iliyosomwa 6, au kinyume chake, na sifuri tatu zinakuambia tarakimu iko kwenye nafasi ya maelfu. Unarudi kwenye picha ukijua pa kuangalia. Tofauti ikiwa mara mbili ya kiasi cha mstari, kiasi kimeingia safu isiyo yake, kilichotoka kimeandikwa kama kilichoingia. Ikiwa tofauti inagawanyika kwa tisa, huenda mtu amezipindua tarakimu mbili jirani: 1,284,600 ikiandikwa 1,248,600, tofauti ni 36,000. Hilo ni kosa la binadamu anayechapa kwa mkono. Mashine haipindui, inabadilisha.

Kuna dalili moja ambayo watu wengi huisoma vibaya. Mistari miwili inayofuatana inaonyesha tofauti zinazolingana, mmoja juu na mwingine chini: hapo viasi viko salama, ila salio la mstari wa kwanza kati ya hiyo miwili limesomwa vibaya. Kiasi kibovu huharibu mstari mmoja tu. Anayerekebisha kiasi mahali penye salio bovu anatengeneza kosa ambalo halikuwapo.

Na muhuri, jamani. Benki hupiga muhuri wa wino wa bluu katikati ya ukurasa, juu ya tarakimu zile zile unazozihitaji. Salio la juu na la chini likisomeka, kiasi kilichofunikwa kinapatikana kwa kutoa, na kinakuwa sahihi hadi senti. Kiandike, lakini weka alama pembeni kuwa kimekokotolewa, hakikusomwa. Kama muhuri umefunika mistari miwili pamoja na salio la kati, unajua jumla yake tu, wala huna haki ya kuigawa kwa kukisia. Omba nakala nyingine.

Mistari yote ikitoa sifuri, angalia maungio ya kurasa. Salio la mwisho la ukurasa mmoja lazima liwe ndilo linaloanzia ukurasa unaofuata. Lisipokuwa, kuna karatasi imebaki nyumbani. Mstari wa salio lililoletwa mbele si muamala, ingawa programu hupenda kuuhesabu kama pesa iliyoingia. Benki nyingine huanza na tarehe ya karibuni juu, na hapo hesabu nzima inageuzwa kutoka chini kwenda juu.

Sasa makundi. Tumalizie mwezi wa yule mama: baada ya dizeli uliingia mkopo wa 3,000,000.00, akanunua vipuri vya karasha kwa 1,284,600.00, akalipa rejesho la 412,500.00. Salio la mwisho ni 6,182,178.50. Ukijumlisha safu tu, kilichoingia ni 7,839,208.50 na kilichotoka ni 4,075,380.00. Namba hizi ni za kweli, na bado si mapato wala matumizi yake.

Mkopo ni deni, si mapato. Mapato yaliyopita benki ni yale 4,839,208.50 ya dhahabu. Rejesho nalo lina vipande viwili. Jedwali la mkopo linaonyesha 375,000.00 ni deni lenyewe na 37,500.00 ni riba, na ni riba peke yake inayoingia kwenye matumizi. Mstari mmoja unaruhusiwa kugawanywa hivyo kwa sharti moja: vipande virudi kuwa kiasi kilichochapwa, bila kuzidi wala kupungua. Ile 1,500,000.00 ya kwenda simu ni pesa yake imehama mfuko. Ukiiita matumizi, kisha ukaleta taarifa ya simu yenye malipo ya vibarua wa duara, umewalipa vibarua mara mbili kwenye karatasi. Hivyo matumizi yanayoonekana benki ni dizeli, vipuri, ada na riba, jumla 2,200,380.00. Ya vibarua yanasomwa kwenye taarifa ya simu, ambayo nayo inakaguliwa kwa salio lake yenyewe.

Ukimaliza, jumlisha makundi yote ya kutoka, pamoja na uhamisho na deni lililolipwa: 2,200,380.00, na 1,500,000.00, na 375,000.00. Zinarudi 4,075,380.00. Zisiporudi, kuna mstari usio na kundi au ulio na makundi mawili. Sijawahi kukubali kundi linaloitwa tofauti ndogo. Tofauti ya shilingi mia inaweza kuwa makosa mawili ya malaki yanayovutana.

Lililo gumu zaidi Nyarugusu ni mstari wa dhahabu. Mauzo yakipita sokoni, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 huweza kukatwa kabla pesa haijafika benki. Tuchukulie kwa mfano huu makato ni hayo mawili tu. Stakabadhi ya sokoni inasema 5,203,450.00, mrabaha ni 312,207.00, ukaguzi ni 52,034.50, na kinachobaki ni 4,839,208.50, kama benki ilivyoandika. Kishawishi ni kuifuta namba ya benki na kuandika ya stakabadhi, kwa kuwa ndiyo mauzo halisi. Ukifanya hivyo mstari huo unavunjika, na ukaguzi wote uliofanya unapotea. Iache namba ya benki kama ilivyo, fungua karatasi ya pili inayoandika mauzo ghafi na makato yake, na uiunganishe na mstari wa benki kwa namba ya stakabadhi. Makato yakiwa zaidi ya hayo, yanaongezwa kwenye karatasi hiyo ya pili, huku ile ya benki haiguswi.

Tena pesa hiyo si yake yote. Kwenye duara kuna mwenye leseni, kuna wachimbaji wenye mgao, pengine na mfadhili aliyetoa dizeli na chakula. Dhahabu ikiuzwa kwa jina moja, fedha zote zinaingia akaunti moja, kisha zinatoka kwa mafungu, mara nyingi kwa wakala na kwa taslimu. Salio litakubali kila mstari, na halitakuambia kitu kuhusu nani alipewa nini. Mistari ya kutoa taslimu ninaiweka kwenye kundi la yasiyojulikana, kwa kiasi chake kamili, hadi daftari la mgao liletwe. Daftari likionyesha 640,000 wakati benki inasema 650,000, elfu kumi iliyobaki inabaki palepale kwenye yasiyojulikana, na mwenye daftari ndiye anayeulizwa.