Konda, Noti Moja na Dakika ya Kwanza Jukwaani

Mchekeshaji anayesimama peke yake na kipaza sauti hana muda mrefu wa kupendwa. Ukumbi ukishapita dakika moja bila kucheka, watu wanarudi kwenye simu zao, na kuwavuta tena ni kazi nzito. Ndiyo maana wachekeshaji wengi wa Dar es Salaam, wakiwemo wanaopanda majukwaa kama Cheka Tu la Coy Mzungu, hawafungui na stori inayohitaji maelezo marefu. Wanafungua na jambo ambalo ukumbi mzima ulipambana nalo asubuhi ileile, na kwa mtu wa Dar jambo hilo mara nyingi ni daladala.

Tuchukue mfano wa mchekeshaji aliyekulia Ukonga, kwenye barabara ya kwenda Pugu. Anapanda jukwaani na kuanza hivi:

"Mimi ni mtoto wa Ukonga. Watu wa Ukonga mpo? Mpo! Hongereni, najua mlitoka jana.

"Kwetu asubuhi ukitaka kiti cha kwenda Kariakoo, unaanza kwa kwenda Gongo la Mboto. Kariakoo iko huku, wewe unakwenda kule! Unageuza na gari. Unalipa nauli ya kwenda usikotaka, ukifika unalipa tena ya kwenda unakotaka. Mimi kwa mwezi, kodi ya kiti inazidi kodi ya chumba.

"Siku huna hela ya kugeuza, unasimama. Konda anakwambia, 'Anko, sogea nyuma, nyuma kupo wazi.' Umebanwa, miguu haigusi chini, mkono wako mmoja hujui uko kwa nani. Unageuka uione hiyo nyuma iliyo wazi. Ni dirisha.

"Halafu chenji. Unashuka Buguruni, konda anakupa noti moja ya elfu mbili, wewe na mama mmoja. 'Mtagawana.' Gari hilooo! Mama simjui, na yeye hana haraka, anaingia sokoni. Bosi anapiga simu: 'Uko wapi saa hizi?' Bosi, nipo Buguruni, nachagua nyanya."

Maneno hayo hayamalizi hata dakika mbili, lakini kila sehemu ina kazi yake. Swali la "mpo?" linampa mchekeshaji taarifa anayoihitaji kabla ya kwenda mbali. Sauti zikitoka kwa wingi, anajua ukumbi una watu wa njia ile, na anaweza kutaja Ukonga, Gongo la Mboto na Buguruni bila kueleza chochote. Zikitoka mbili tatu tu, anajua itabidi aongeze sentensi moja ya maelezo kwenye kila kipande. Zaidi ya hapo, anayesema "tumo" ameshakubali kutaniwa. Utani una wenyewe, na mtu wa Ukonga akiisema Ukonga hakuna wa kumuuliza amepata wapi ruhusa. Mgeni akiyatamka maneno hayohayo kama yalivyo, nusu ya ukumbi itasikia dharau.

Kipande cha kugeuza ndicho chenye uzito kuliko vyote, na kinafaa kuangaliwa kwa karibu. Gongo la Mboto ni mwisho wa njia, na gari likifika pale linashusha wote, kisha linapakia upya kurudi mjini. Linapopita Ukonga asubuhi limeshajaa. Mkazi wa Ukonga anayetaka kukaa analazimika kulidaka likiwa linakwenda mwisho, abaki kitini wakati wengine wanashuka, kisha arudi nalo. Watu wa Dar wanafanya hivyo kila siku bila kujiuliza. Mchekeshaji hakutia chumvi yoyote katika maelezo yale. Ameyapanga tu kwa mfuatano, mwelekeo kwanza na nauli baadaye, mpaka mwenye kugeuza akajiona. Chumvi imekuja mwishoni kabisa, pale kwenye kodi ya chumba, na imekubalika kwa sababu yote yaliyotangulia abiria anaweza kuyathibitisha mwenyewe.

Hapo ndipo wanaoanza wanapoteleza. Wanadhani utani wa usafiri ni kusema magari yamejaa, foleni ni ndefu na makonda wana midomo. Ni kweli, lakini ukweli wa jumla namna hiyo huleta makofi badala ya kicheko. Makofi bila kicheko ni dalili ambayo mchekeshaji makini huiogopa, maana ukumbi unamwambia kwamba amesema kweli, ila hajawachekesha. Dawa yake ni kuushusha utani mpaka kwenye kitu kimoja kinachoshikika: noti moja, mama mmoja, soko moja.

Kuna pia suala la neno la mwisho. Panchi ya dirisha inafanya kazi kwa sababu "dirisha" limewekwa mwisho wa sentensi, na baada yake hakuna neno lingine. Jaribu kuisema hivi: "Kumbe dirisha ndilo lililokuwa wazi nilipogeuka kuangalia nyuma." Maana ni ileile, lakini msikilizaji ameshalipata jibu mwanzoni na sasa anasubiri sentensi iishe. Kicheko kinakuja kidogo, tena kinafunikwa na maneno yaliyobaki. Ndiyo maana mchekeshaji hurudia mistari yake kwa sauti nyumbani, akihamisha neno mpaka likae mkiani, kisha ananyamaza kuwaachia watu nafasi.

Tangu Serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria jijini mwaka 1983, baada ya mabasi ya shirika la UDA kuzidiwa, konda amekuwa mhusika ambaye kila abiria amewahi kubishana naye. Mchekeshaji mzuri anajua kwa nini konda anashindilia watu. Gari si lake. Jioni yeye na dereva wanatakiwa kumpelekea tajiri hesabu, yaani kiasi cha fedha walichokubaliana kwa siku, na wanachoishi nacho ni kile kinachobaki baada ya hesabu na mafuta. Anayelijua hilo hamtukani konda, anampa sauti yake na shida yake, na makonda waliomo ukumbini nao wanacheka.

Mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yana utani wa aina nyingine. Nauli inalipwa kituoni kabla ya kupanda, hivyo hakuna wa kukwambia "mtagawana". Kinachobaki cha kutania ni kungoja, mlango, na Jangwani ikijaa maji. Ni vitu vya kweli, ila havijibu mtu, na mchekeshaji inabidi acheze pande zote mbili za mazungumzo peke yake.

Vipo visivyotaniwa mwanzoni. Ajali ni kimojawapo, kwa kuwa huwezi kujua nani ukumbini amefiwa. Wanafunzi wanaokataliwa mlangoni kwa sababu nauli yao ni ndogo wanaweza kuingia, mradi anayechekwa awe yule anayewakataa.

Utani huu ukipelekwa Dodoma au Mwanza, kipande cha Gongo la Mboto hudhoofika haraka kwa wasioijua njia, na mchekeshaji hukifupisha au kukiacha. Noti na "mtagawana" vinasafiri vizuri, maana shida ya chenji ipo kila mji. Na mama wa Buguruni anabaki kwa sababu nyingine: simu ya bosi imeshalia, ukumbi umeshasikia kwamba mtu huyu ana kazi anayochelewa kila siku, na mchekeshaji anaweza sasa kuingia kwenye habari za ofisini bila kusema kwamba anabadilisha mada.