Shafti Iliyonyooka Inayoua Beringi

Beringi ikishatoka mashineni na kukatwa, husema mengi. Ile niliyowahi kushika mkononi ilikuwa na njia ya golori iliyopita kimshazari kwenye pete ya nje: upande mmoja imeegemea ukingo wa kushoto, na upande wa pili wa pete imehamia ukingo wa kulia. Kwenye pete ya ndani njia hiyo hiyo ilikuwa pana kuliko kawaida. Fundi mzoefu akiiona alama hiyo anajua kwamba shafti na nyumba ya beringi havikuwa vikitazama upande mmoja wakati mashine inafanya kazi.

Lakini shafti yenyewe ilipotolewa, ikalazwa juu ya vitalu viwili na kuzungushwa chini ya saa ya kupimia, mshale haukutikisika. "Imenyooka kama rula," akasema fundi, na alikuwa sahihi kabisa. Chuma kinanepa kikibebeshwa mzigo, na mzigo ukiondolewa kinarudi kilipokuwa. Shafti iliyolala mezani haiwezi kukuonyesha ilivyokuwa imekaa mkanda ulipokuwa umekazwa na puli inazunguka. Hilo inabidi kulipigia hesabu.

Ilikuwa shafti ya kati, ile inayopokea nguvu kutoka kwenye mota na kuipeleka kwenye mashine nyingine. Umbali kutoka katikati ya beringi moja hadi katikati ya nyingine ulikuwa milimita 800, na puli ilikaa katikati kabisa. Uzito wa puli na mvuto wa mikanda kwa pamoja tuuchukue kuwa nyutoni 4,000, sawa na kuning'iniza kilo 400 hivi. Sehemu ya kati ya shafti ilikuwa na kipenyo cha milimita 50. Mkereza vyuma alipunguza kila ncha hadi milimita 40, kwa urefu wa milimita 200 kutoka katikati ya beringi, ili beringi ipite kwa urahisi. Mahali kipenyo kinapobadilika ghafla mafundi hupaita bega, na bega hilo ndilo linaloharibu hesabu za kawaida za vitabuni, kwa kuwa fomula nyingi zinadhani shafti ina unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho.

Njia inayofaa hapa ni njia ya eneo la momenti. Mjerumani Otto Mohr aliweka msingi wa wazo hili mwaka 1868, na Mmarekani Charles Greene wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa akiifundisha mwaka 1873. Uzuri wake ni kwamba inageuza swali gumu la chuma kinachopinda kuwa swali la kupima maeneo ya pembetatu na mistatili, kazi ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza.

Tuanze na momenti, yaani nguvu ya kupinda. Mzigo uko katikati, kwa hiyo kila beringi inabeba nusu yake, nyutoni 2,000. Kwenye beringi momenti ni sifuri. Ukitoka hapo kuelekea katikati, inakua kwa kadiri ya umbali: begani, mita 0.2 kutoka kwenye beringi, ni nyutoni-mita 400, na chini ya puli ni 800. Ukiichora unapata pembetatu moja safi, na kuna bega au hakuna, mchoro huo haubadiliki.

Kinachobadilika ni jinsi chuma kinavyoipokea momenti hiyo. Uwezo wa shafti kukataa kupinda unatokana na vitu viwili vinavyozidishwa pamoja: ukakamavu wa chuma chenyewe, unaoandikwa E, na umbo la mkato wake, unaoandikwa I. Kwa shafti ya duara:

```
I = π d⁴ / 64
```

Kipenyo kimepandishwa kwenye kipeo cha nne. Kutoka milimita 40 hadi 50 ni ongezeko la robo tu kwa macho, lakini ukakamavu unakua karibu mara mbili na nusu. Kwa chuma chenye E ya gigapaskali 200, EI ya sehemu nyembamba inatoka kama 25,130 na ya sehemu nene 61,360, kwa vipimo vya nyutoni na mita. Hapa wengi hukosea kwa kukimbilia chuma cha bei ghali kilichofanywa kigumu. Chuma hicho kitachelewa kukatika au kupinda moja kwa moja, lakini E yake ni karibu ileile, kwa hiyo kitanepa vilevile.

Sasa gawanya momenti kwa EI, hatua kwa hatua. Unachopata ni ukali wa mpindo mahali hapo. Begani, ukiwa bado upande mwembamba, 400 kwa 25,130 ni 0.0159. Vuka bega, momenti ni ileile 400, lakini sasa unagawanya kwa 61,360, na jibu linaanguka hadi 0.0065. Kisha linapanda taratibu hadi 0.0130 chini ya puli.

Tazama namba hizo tena. Chini ya puli, ambako momenti ni kubwa maradufu, shafti imepinda kidogo kuliko pale begani upande mwembamba. Kwa lugha ya mduara, begani mpindo ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 63, hatua moja ndani ya sehemu nene ni mita 153, na chini ya puli ni mita 77. Macho yote huenda kwenye puli kwa sababu mzigo uko pale, na kumbe mpindo mkali kuliko wote umejificha karibu na beringi.

Kanuni ya kwanza ya njia hii inasema kwamba tofauti ya mwinamo kati ya nukta mbili za shafti ni eneo la mchoro huu kati ya nukta hizo. Kwa kuwa shafti yetu na mzigo wake vinalingana kushoto na kulia, tunajua bila hesabu kwamba chini ya puli shafti imelala sawasawa, mwinamo sifuri. Kwa hiyo mwinamo kwenye beringi ni eneo lote kutoka beringi hadi puli. Sehemu nyembamba ni pembetatu: nusu ya 0.2 mara 0.0159, sawa na 0.00159. Sehemu nene ni trapeza, urefu 0.2 na wastani wa kimo 0.0098, sawa na 0.00196. Jumla ni radiani 0.00355.

Ni pembe ndogo, hata nyuzi robo haifiki. Lakini beringi ya golori ya shimo la milimita 40 aina ya 6208 ina upana wa milimita 18, na mwinamo huo unamaanisha kwamba upande mmoja wa pete ya ndani umeshuka kuliko mwingine kwa milimita 0.06 hivi. Vitabu vya usanifu wa mitambo huweka ukomo wa mwinamo kwa beringi ya kawaida ya golori kati ya radiani 0.001 na 0.003. Yetu imevuka. Ile njia ya mshazari kwenye pete ya nje imepata maelezo yake.

Kanuni ya pili inahusu mnepo, yaani kiasi shafti inachoshuka. Chukua kila kipande cha eneo, kizidishe kwa umbali kutoka kwenye beringi hadi kitovu cha kipande hicho, kisha jumlisha. Pembetatu ya sehemu nyembamba ina kitovu milimita 133 kutoka kwenye beringi, na inachangia milimita 0.21. Trapeza ya sehemu nene huigawanya kuwa mstatili, wenye kitovu milimita 300, na pembetatu, yenye kitovu milimita 333. Viwili hivyo vinachangia milimita 0.61. Mnepo chini ya puli ni milimita 0.82.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu hizi hesabu mbili zinatoa hukumu tofauti juu ya sehemu ileile ya chuma. Ncha nyembamba imeleta robo tu ya mnepo, lakini karibu nusu ya mwinamo. Sababu ni ule umbali wa kuzidisha. Kwenye mnepo, eneo lililo karibu na beringi linazidishwa kwa umbali mfupi, kwa hiyo linahesabiwa kidogo. Kwenye mwinamo hakuna kuzidisha kwa umbali, na kila kipande kinahesabiwa kizima popote kilipo. Kama shafti nzima ingekuwa ya milimita 50, mnepo ungekuwa 0.70 badala ya 0.82. Fundi anayepima katikati peke yake ataona tofauti ya kumi ya milimita na kuona mambo ni shwari. Kwenye beringi, mwinamo umeruka kutoka 0.0026 hadi 0.00355.

Kwa dawa, wazo la kwanza la kila mtu ni kunenepesha ncha. Tukizifanya milimita 45, mwinamo unashuka hadi 0.00295. Umeingia ndani ya ukomo kwa unywele, na bado inabidi ununue beringi nyingine na kutoboa upya nyumba zake. Wazo la pili ni rahisi zaidi: ziache ncha kwenye milimita 40, ila usogeze bega lije karibu na beringi, milimita 60 badala ya 200. Mahali hapo momenti bado ni ndogo, nyutoni-mita 120 tu, na pembetatu ya sehemu nyembamba inakuwa fupi na nyembamba pia. Mwinamo unatoka 0.00269, mnepo 0.70. Beringi ni zilezile, nyumba ni zilezile, na fonti ile ile ya milimita 50 inakwenda kwenye mashine ya kukereza, ila kisu kinasimama mapema.

Hesabu hii ina mipaka yake. Mzigo usipokuwa katikati, au mabega yasipolingana pande zote mbili, huwezi tena kudai kwamba shafti imelala sawa chini ya puli. Hapo unatumia kanuni ya pili kutafuta beringi moja imeachana kiasi gani na mstari unaogusa shafti kwenye beringi nyingine, unagawanya kwa umbali wa kati yao, na ndio unapata mwinamo wa pale mstari ulipogusa. Kazi inaongezeka ila si ngumu. Pia, chuma kilicho kwenye kona ya nje ya bega hakishiriki kubeba momenti mara moja, na mfereji wa kabari chini ya puli unaondoa chuma kingine, hivyo shafti ya kweli inanepa kidogo zaidi ya karatasi inavyosema. Nayo hesabu ya mwinamo haisemi lolote juu ya kukatika: kona kali ya bega inahitaji kuviringwa ili ufa usianzie pale, na hilo lina hesabu yake.

Kwa hiyo ile 0.00269 si ya kuringia. Mnepo na mwinamo vyote hukua sawasawa na mzigo, na mvuto wa mikanda ukipandisha mzigo kwa asilimia 12 tu, mwinamo unarudi kwenye 0.003. Shafti mpya ilipofungwa, kazi iliyobaki ilikuwa kumsimamia anayekaza mikanda, aache kuikaza mpaka inalia kama uzi wa gita.