Beseni, bomba na mashine: vyombo vya watu wanne vinakula nini?

Takwimu inayotajwa zaidi na wauzaji wa mashine za kuoshea vyombo ilitoka Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Profesa Rainer Stamminger na wenzake waliwaita watu 113 kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, wakampa kila mmoja vyombo vichafu vya kutosha watu 12, kisha wakamwacha aoshe kama anavyoosha kwake. Kwa wastani kila mtu alimaliza lita 103 za maji na uniti 2.5 za umeme, na kazi ikamchukua dakika 79. Mashine ilifanya kazi ileile kwa maji machache zaidi na umeme pungufu. Tangu hapo imekuwa kawaida kuambiwa kwamba anayeosha kwa mkono anafuja maji na umeme.

Lakini umeme huo uliingiaje kwenye kazi ya mikono? Piga hesabu: uniti 2.5 zikigawanywa kwa lita 103 zinatosha kupandisha joto la kila lita kwa nyuzi 21 hivi. Ndiyo kusema umeme wote ule ulikuwa wa kupasha maji ya bomba, kutoka baridi ya Ulaya hadi uvuguvugu ambao mkono unaustahimili. Ukiondoa bomba la maji moto, upande wa mkono unabaki na maji na muda tu. Kwa hiyo kwa nyumba ya Dar es Salaam, ambako vyombo huoshwa kwa maji kama yalivyotoka bombani, hesabu inabidi ianze upya.

Tuchukue familia ya watu wanne, baba, mama na watoto wawili, na vyombo vyao vya siku moja. Asubuhi kuna vikombe, sahani ndogo na vijiko. Mchana kuna sahani za wali, bakuli za mboga na bilauri. Usiku ni hivyohivyo, pamoja na sufuria mbili tatu, kikaango, mwiko na kawa.

Wakiosha chini ya bomba lililo wazi, maji yanakwenda bila kuonekana. Bomba la kawaida la jikoni likiwa na presha nzuri hutoa kama lita 7 kwa dakika. Likifunguliwa dakika 8 tu kwa kila mlo, siku nzima imekula lita 168, yaani zaidi ya ndoo nane za lita 20. Anayedhani hesabu hii imetiwa chumvi aweke ndoo chini ya bomba lake na kuangalia saa.

Wakitumia mabeseni mambo hubadilika kabisa. Lita 5 za maji ya sabuni, lita 5 za kusuuza na lita 5 za kusuuza mara ya pili hufanya lita 15 kwa mlo, au 45 kwa siku. Wakikusanya vya asubuhi na vya mchana wakaviosha pamoja, wanashuka hadi 30. Utaratibu nao una uzito wake: bilauri na vikombe vitangulie, sahani zifuate, vyenye mafuta viwe vya mwisho. Anayeanza na kikaango atalazimika kumwaga maji kabla hajagusa bilauri. Mafuta yakiganda, lita 2 za maji yaliyochemka kwenye birika la umeme zinatosha kuyayeyusha, nazo hazifikishi robo ya uniti.

Sasa mashine. Kubwa ya kawaida hubeba vyombo vya watu 12 hadi 14, hivyo sahani na vikombe vya familia yetu kwa siku nzima vinaijaza vizuri. Kwenye programu ya Eco hutumia kama lita 10 za maji na uniti 0.9 za umeme. Maji hayo ni machache kwa sababu hayapiti mara moja na kwenda zake. Mashine huchota lita chache, ikazichuja na kuzirusha tena na tena kwa mikono inayozunguka, ikazimwaga na kuchota nyingine za kusuuza. Programu ya Eco huchukua saa tatu au zaidi kwa makusudi, kwa kuwa maji ya uvuguvugu yakiachwa muda mrefu hufanya kazi ya maji ya moto sana. Ile ya haraka humaliza upesi, ila mara nyingi mabaki ya mafuta hubaki palepale na vyombo hutoka vimelowa. Habari njema kwa mtu wa pwani ni kwamba vipimo vya Ulaya hufanywa kwa maji ya nyuzi 15, ilhali yetu huingia yakiwa na 27 hivi, kwa hiyo hita ina kazi ndogo zaidi.

Sufuria ndizo zinazoharibu hesabu ya dukani. Sabuni ya mashine ni kali, na sufuria za alumini zikiingizwa humo hupoteza mng'ao na kuwa nyeusi. Mwiko hupasuka. Ukoko haung'oki kwa kurushiwa maji, sharti ulowekwe na kusuguliwa. Hivyo mwenye mashine bado ataosha masufuria kwa mkono, na tukiyapa lita 7, jumla yake inafika lita 17 kwa siku. Ila kama ana mazoea ya kusuuza kila sahani bombani kabla ya kuiingiza mashinani, faida yote imemwagika kwenye sinki. Mabaki yakwanguliwe tu, yatiwe kwenye ndoo ya taka.

Tukilinganisha na bomba lililo wazi, mashine inaokoa lita 151 kwa siku, na hapo haina mpinzani. Tukilinganisha na mabeseni matatu inaokoa lita 28, ambazo kwa mwezi hazifiki hata uniti moja ya maji, yaani lita 1,000. Kwa mwezi huohuo imekula uniti 27 za umeme. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya takriban shilingi 350 kwa uniti, hizo ni zaidi ya shilingi 9,000, bado sabuni yake maalumu. Mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, aangalie mara mbili, maana 27 zinaweza kumtoa humo. Anayenunua maji ya boza au ya dumu hulipa mara kadhaa zaidi ya mwenye bomba, kwa hiyo kwake lita 28 zina thamani nyingine.

Hata utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wa mwaka 2020 ulikuta hivyo. Mashine iliwashinda wanaoacha bomba wazi kwa hewa ukaa inayotoka, lakini wanaotumia mabeseni mawili, la maji moto ya sabuni na la maji baridi ya kusuuza, waliishinda mashine.

Kinachobaki upande wa mashine ni muda. Kwa mabeseni, milo mitatu huchukua kama dakika 50 za mtu aliyesimama. Kwa mashine, kupanga na kupangua ni robo saa, masufuria dakika 10. Karibu nusu saa kwa siku si haba, ingawa katika nyumba nyingi anayelipa umeme na anayeosha vyombo ni watu wawili tofauti, na anayeamua kununua mashine ni yule asiyeosha.

Aliyekwisha kuamua apime kwanza kimo cha tangi lake. Mashine nyingi zinataka presha ya angalau nusu ba, na kila mita 10 za kimo hutoa ba moja. Tangi lililo mita 3 juu ya jikoni linatoa theluthi tu. Dalili yake ni mashine kusimama mwanzoni kabisa na kuwasha taa ya bomba, huku maji yakitiririka kwenye sinki bila tatizo. Fundi ataweza kuiuza pampu ndogo ya kuongeza presha, nayo pia inakula umeme.