Ujumbe wa Wiki ya Sita

Msiba wa Dar es Salaam una ratiba ambayo kila mkazi wa mji huo anaijua bila kufundishwa: turubai hufungwa, viti vya kukodi hupangwa, moto wa kuni huwashwa uani, mazishi hufanyika, matanga hukaliwa kwa siku tatu au zaidi, kisha tanga huanuliwa na watu hurudi kwenye shughuli zao hadi arobaini itakapowakusanya tena kwa hitma au kwa misa. Ratiba hiyo huwabeba wafiwa kwa nguvu kubwa katika siku zake za mwanzo. Baada ya kuanua tanga, hata hivyo, na hasa arobaini inapokwisha, hakuna desturi inayomwelekeza jirani aseme nini, na ndiyo maana majirani wengi hunyamaza, wala si kwa kukosa upendo bali kwa kuchelea kutonesha kidonda.

Wapo wachache wasionyamaza. Mmoja wao ni mwanamke wa makamo ambaye kwa miaka mingi amekuwa katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana katika mtaa mmoja wa Temeke, yaani umoja wa majirani wanaochanga fedha kila mwezi ili mwanachama anapofikwa na msiba pasikosekane sanda au jeneza, usafiri na chakula. Katibu huyo, aliyeomba jina lake lisitajwe, huwaandikia wafiwa ujumbe wa simu katika wiki ya sita au ya saba baada ya mazishi, na kinachostahili kutazamwa kwa makini katika kazi yake ni daftari linalotangulia ujumbe huo.

Kwa upande wa mbele, daftari hilo ni la kawaida kama yalivyo madaftari yote ya msiba: lina safu ya jina, safu ya kiasi cha rambirambi na safu ya sahihi. Likigeuzwa chini juu na kufunguliwa kutoka nyuma, huwa daftari jingine kabisa, ambamo kila msiba umepewa ukurasa wake na hakuna shilingi hata moja iliyoandikwa. Katika ukurasa huo katibu huandika yale yanayosemwa mkekani usiku wa matanga, wakati waombolezaji, wakiwa wamechoka kulia, wanaanza kumsimulia marehemu: alivyopenda chai ya tangawizi iliyopoa, alivyomsindikiza mke wa jirani hospitali usiku wa manane, alivyokuwa akidai deni kwa kuimba. Pembeni ya kila habari huwekwa jina la aliyeisema, ili siku ya kuitumia isije ikazushwa kuwa ni maneno ya kutunga. Katibu anaeleza kwamba masimulizi hayo hutolewa kwa wingi katika usiku mbili au tatu tu, na hutolewa mbele ya mfiwa ambaye kwa wakati huo hasikii chochote. Wiki sita baadaye masikio ya mfiwa yamefunguka, lakini wasimuliaji wametawanyika.

Chini ya masimulizi hayo huongezwa mambo matatu. La kwanza ni jina ambalo marehemu aliitwa nyumbani, kwa kuwa jina la kwenye tangazo la kifo mara nyingi silo ambalo mkewe au mwanawe alilitumia. La pili ni kazi ya nyumbani iliyosimama pamoja naye: nani alikuwa akijaza ndoo za maji alfajiri, nani alimpeleka mtoto shuleni, nani alijua mahali ilipo risiti ya kodi. La tatu, ambalo katibu analiona kuwa ndilo husahauliwa zaidi, ni mtu wa nyumba ile ambaye hakuna aliyempa pole, awe msichana wa kazi aliyelelewa na marehemu, au mama mzazi aliyekaa chumba cha nyuma, au kijana wa kiume aliyeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba sasa yeye ndiye baba.

Thamani ya ukurasa huo huonekana ujumbe unapoandikwa, na mfano wa mjane mmoja, ambaye hapa ataitwa Mama Zuhura, unatosha kuionyesha. Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Mjane huyo alikuwa amekaa eda, yaani kipindi cha miezi minne na siku 10 ambacho mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume, ikiwa si mjamzito, hukaa nyumbani na kutotoka isipokuwa kwa haja ya lazima. Kwa mtu aliye katika hali hiyo simu huwa sehemu kubwa ya baraza lake. Mwanakikundi mmoja alimwandikia hivi:

“Pole sana Mama Zuhura kwa msiba mzito. Kazi ya Mungu haina makosa. Jipe moyo, Mungu akutie nguvu. Ukihitaji chochote usisite kusema.”

Jibu lilikuja dakika hiyo hiyo: “Asante, nimeshapoa.” Katibu halaumu maneno yenyewe, kwa maana anayatamka kila siku ya mazishi na anaamini kwamba siku hiyo ndiyo yanayofaa, kwa sababu yanasemwa na umati na hayamdai mfiwa fikra yoyote. Tatizo lake ni kwamba kila moja lina jibu lililokwisha kutengenezwa, na mfiwa akishalitoa jibu hilo mazungumzo yamefungwa, tena amefungiwa upande wa nje akiwa ametamka kwamba ameshapoa wakati hajapoa. Sentensi ya mwisho ina kasoro ya namna nyingine, nayo ni kumpa mjane kazi tatu kwa mpigo: atambue anachohitaji, achague wa kumwomba, kisha ashinde haya ya kuomba. Katika miaka yote ya kazi yake, katibu anakumbuka watu wachache sana waliowahi kuitikia mwaliko wa “chochote”.

Siku chache baadaye katibu mwenyewe, baada ya kufungua ukurasa wa msiba ule, aliandika ujumbe ufuatao:

“Assalamu alaikum Mama Zuhura. Leo asubuhi watoto wa shule walisimama na baiskeli zao pale mwembeni kwa Baba Zuhura, nikamkumbuka alivyokuwa akiwajazia upepo bila kuchukua hata senti. Jumamosi saa nne binti yangu atakuletea unga na mafuta, na atakaa na mtoto mdogo mpaka adhuhuri ili ulale kidogo. Kama siku hiyo haikufai nibipu tu, nitaelewa. Ujumbe huu huna haja ya kuujibu.”

Ujumbe huo hauna neno pole, na katibu anakiri kwamba baadhi ya wazee wa kikundi waliona ni utovu wa adabu. Kilichowekwa mahali pake ni marehemu mwenyewe, kwa jina la nyumbani na kwa tendo moja ambalo lilishuhudiwa. Katibu anasisitiza tendo liwe moja, kwa kuwa sifa nyingi hugeuka kuwa hotuba ya makaburini. Msaada umetajwa siku, saa na vitu vyenyewe, umepewa mwisho, na kuukataa kumerahisishwa hadi kubaki mlio mmoja wa simu. Sentensi ya kufunga inamwondolea mfiwa deni la jibu, na katika utaratibu wa katibu hiyo ndiyo sentensi isiyoruhusiwa kukosekana. Yapo pia yaliyoachwa kwa makusudi: hakuna swali kuhusu namna kifo kilivyotokea, wala kuhusu mirathi, kwa maana simu ya mjane mara nyingi husomwa na watoto na hata mashemeji, na swali la mirathi likisomwa na asiyehusika laweza kuwasha moto ndani ya ukoo.

Mama Zuhura alijibu baada ya siku mbili, usiku, akaandika kwamba pampu ya baiskeli bado iko uvunguni na hajui ampe nani. Kwa katibu, jibu la namna hiyo, lililochelewa na lisilo na shukrani yoyote ndani yake, ndilo dalili kwamba ujumbe umefika. Jibu la haraka lenye “nimeshapoa” ni dalili ya kinyume chake. Kimya hakihesabiwi kuwa kushindwa, ila kimya kinachofuatana na mlango usiofunguliwa na sufuria zisizopanda jikoni humfanya afunge safari badala ya kuandika tena.

Wataalamu wa majonzi wana maelezo yanayokaribiana na yale ambayo katibu ameyafikia kwa uzoefu. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa hayumbi kwa upande mmoja tu, bali huenda na kurudi baina ya kumwelekea aliyemkosa na kuielekea kazi ya kuishi bila yeye, na kwamba mwendo huo wa kwenda na kurudi ndio wenyewe unaomsaidia. Ukisomwa kwa mtazamo huo, ujumbe wa mwembeni unagusa pande zote mbili: sentensi moja inamrudisha fundi baiskeli, na nyingine inashughulikia unga na usingizi.

Hata hivyo upo ushahidi usiomwachia msomaji utulivu. Nchini Ufaransa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 chini ya uongozi wa Nancy Kentish-Barnes, ndugu wa wagonjwa waliofia katika vitengo 22 vya wagonjwa mahututi waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakatumiwa barua ya rambirambi iliyoandikwa kwa mkono na daktari na muuguzi siku 15 baada ya kifo, wengine wasitumiwe. Barua hizo hazikuwa za kunakiliwa. Zilimtaja marehemu na kutoa msaada. Mwezi mmoja baada ya kifo hakukuonekana nafuu, na baada ya miezi sita waliopokea barua ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na za kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloletwa na tukio la kutisha.

Alipoelezwa matokeo hayo, katibu hakushangaa kama ilivyotarajiwa. Aliuliza kwanza kama aliyeandika barua aliwahi kubisha hodi baadaye, kisha akasema kwamba ujumbe unaotoka kwa mtu aliyesimama kando ya kitanda cha kifo humrudisha mfiwa kitandani, wakati ule wa jirani humrudisha mwembeni. Hayo ni maelezo yanayoingia akilini, ingawa utafiti wenyewe haukuyapima, na hakuna anayeweza kudai kwamba ujumbe wa Temeke umewahi kupimwa kwa namna yoyote zaidi ya majibu ya usiku na kurasa za nyuma za daftari.

Katika kurasa hizo zipo mbili ambazo hazina neno. Ni za wanaume ambao mkekani, usiku wote wa matanga, hakuna aliyewasimulia, kwa kuwa mtaa mzima ulijua walivyowatendea wake zao. Wajane hao nao wamefiwa, nao hulala macho, na pengine wanaona nafuu ambayo hawathubutu kuitaja. Kumtaja marehemu kwa wema ni uongo, kutomtaja ni kuthibitisha yale ambayo mtaa unayanong’ona, na kurudi kwenye “kazi ya Mungu haina makosa” ni kumfungia mjane mlango uleule. Kwa sasa katibu huwapelekea unga bila ujumbe, na bado hajui kama hilo wanalisoma kuwa ni heshima au kuwa ni hukumu.